Sita, si Mbili: Faili la Mgonjwa wa Presha Linapoandikwa Upya

“Ameshauriwa apunguze uzito, apunguze chumvi, ameze dawa kila siku. Arudi baada ya mwezi.”

Sentensi hiyo imeandikwa mara nne kwenye faili moja la kliniki ya presha, kwa miandiko ya watu wanne, katika miezi minne. Kila ilipoandikwa, mgonjwa alikuwa amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, akapimwa, akaambiwa, akaitikia “nimeelewa”, akaondoka. Presha yake haikushuka. Anayesoma faili hilo atajua vizuri sana wahudumu walisema nini. Kuhusu mgonjwa mwenyewe, anataka nini, anaogopa nini, na vidonge vyake vinaishia wapi, hatapata hata neno moja.

Mwenye faili ni mama lishe wa miaka 47, anayepika wali, maharage na mchuzi kwenye kibanda karibu na stendi ya mabasi jijini Dar es Salaam. Si mtu mmoja halisi. Ni mgonjwa wa mfano, aliyeundwa kutokana na mambo ambayo muuguzi yeyote wa kliniki za namna hii ataona ameyasikia. Amewekwa hapa kwa sababu mara ya tano alipofika, muuguzi aliyempokea aliandika kitu tofauti: nusu ukurasa wa kumbukumbu za mazungumzo yanayoitwa mahojiano ya motisha.

Njia hiyo haikuanzia kwenye presha wala unene. Mwaka 1982 mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, alikuwa Norway, karibu na mji wa Bergen, akizungumza na wanasaikolojia wenzake kuhusu tiba ya walevi. Wenyeji wake walimwomba aigize anavyoongea na mgonjwa, na kila baada ya hatua chache walimkatiza: kwa nini umeuliza hivyo, kwa nini umechukua neno hili katika yote aliyosema ukaliacha lile? Katika kujibu, Miller akagundua kwamba kuna kanuni alizokuwa akizifuata bila kuzitaja. Aliziandika katika makala ya mwaka 1983. Baadaye akashirikiana na Stephen Rollnick, mwanasaikolojia aliyekulia Afrika Kusini na kufanya kazi Wales, na mwaka 1991 wakatoa kitabu cha kwanza cha njia hiyo.

Walichokiona ni jambo ambalo kila mzazi wa kijana analijua. Mtu mwenye nia mbili, ukimsukuma upande mmoja, yeye hutetea upande wa pili. Ukimwambia mvutaji sigara aache, atakutajia babu yake aliyevuta akafika miaka 90. Na kadiri anavyoendelea kuutetea upande wa kubaki alivyo, ndivyo anavyojisikia akisema, na ndivyo anavyozidi kuamini maneno yake mwenyewe. Basi kazi ya mhudumu ni kuyapanga mazungumzo ili sababu za kubadilika zitoke kinywani mwa mgonjwa, si mwa mhudumu. Kauli za mgonjwa zinazoelekea mabadiliko hupewa nafasi, hurudiwa na kuandikwa. Kauli za kubaki husikilizwa kwa heshima, lakini hazibishiwi.

Kabla ya maneno, vipimo. Mama huyu ana kilo 94 na urefu wa sentimita 158. Ukigawanya uzito kwa urefu katika mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata karibu 37.7, na kuanzia 30 huhesabiwa kuwa ni unene uliokithiri. Mkono wake, juu ya kiwiko, una mzunguko wa sentimita 36. Hapo pana mtego unaonasa kliniki nyingi: mkanda wa kawaida wa mashine ya presha mara nyingi umetengenezwa kwa mkono usiozidi sentimita 32, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko presha yenyewe. Kwa mkanda wa kawaida alisoma 160/97. Muuguzi akatafuta mkanda mkubwa, akamwacha mama apumzike dakika tano, mgongo umeegemea na miguu iko chini, akapima mara mbili. Wastani ukawa 154/94. Bado iko juu ya 140/90, lakini sasa namba hiyo ni yake, haikuongezwa na kifaa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Najua, unene. Niambie tu nikakae zangu.”

Wahudumu wengi wangeanzia hapo hapo, kwenye unene. Muuguzi huyu alimwonyesha mambo matatu yanayoweza kuzungumzwa, yaani dawa, chumvi na uzito, akamwomba achague la kuanza nalo. Mama alichagua dawa, akakiri kwa sauti ya chini kwamba hazimezi zote. Kwa kuwa swali halikuja kama shitaka, jibu nalo halikuja kama utetezi. Alipewa aina mbili za vidonge, amlodipini na haidroklorothiazaidi, ambayo wengi huiita dawa ya kukojosha. Aliambiwa ameze vyote asubuhi.

“Asubuhi niko kibandani toka saa kumi alfajiri. Nikimeza kile cha kukojosha, kila nusu saa nataka choo. Choo cha stendi cha kulipia, tena kina foleni. Wateja watanisubiri, na wali unaungua?”

Hapo muuguzi anaweza kuharibu kila kitu kwa sentensi moja: “Lakini mama, afya yako ni muhimu kuliko wali.” Miller na Rollnick waliliita hilo hamu ya kurekebisha, ile kasi ya mhudumu kunyoosha kila anachokiona kimepinda. Badala yake muuguzi alirudisha kauli kwa maneno mengine: “Kwa hiyo si kwamba umezipuuza dawa. Choo ndicho kinachokuamulia.” Mama akacheka, akasema ndiyo, halafu akaongeza asiloulizwa: siku za Jumapili, kibanda kikiwa kimefungwa, huwa anameza. Kurudisha kauli kulifanya kazi ambayo maswali matano yasingeifanya.

Kisha ukaja mstari wa sifuri hadi kumi, ambao ndio uti wa mgongo wa kumbukumbu hizi. Swali la kwanza ni la umuhimu: kati ya sifuri na kumi, kumeza dawa kila siku kuna umuhimu gani kwako sasa? Mama akasema sita. La pili ni la kujiamini: ukiamua leo, una uhakika kiasi gani kwamba utaweza? Akasema nne.

Namba zenyewe si alama za mtihani. Zimewekwa ili ziulizwe kinachozifuata, na namna ya kuuliza ndiyo inayobeba siri. Ukisema “kwa nini si tisa?” umemwomba akutajie vikwazo, na atakutajia vyote. Ukiuliza upande wa chini, kwa nini si mbili, umemwomba akupe sababu za kubadilika, naye hana budi azitafute mwenyewe. Kwa Kiswahili kuna tahadhari moja. “Mbona sita?” ina lawama ndani yake, kama mtu aliyetarajia zaidi. Hata “kwa nini” ikisemwa kwa sauti kavu humrudisha mtu darasani. Muuguzi huyu aliuliza hivi: “Nini kimekufanya useme sita, usiseme mbili?”

Mama alinyamaza kidogo. Muuguzi naye akanyamaza, na kunyamaza huko ni sehemu ya ufundi.

“Mama yangu alipooza upande mmoja. Presha hii hii. Nilimuuguza miaka mitatu, namgeuza kitandani asubuhi na usiku. Sitaki binti yangu aje anigeuze mimi.”

Kauli hiyo iliandikwa kwenye faili kama ilivyotamkwa. Hili linaweza kuonekana dogo, lakini mafaili mengi ya hospitali Tanzania huandikwa kwa Kiingereza, na mgonjwa huzungumza Kiswahili. Katika kuvuka lugha, maneno ya mama hugeuka kuwa istilahi: hafuati dawa, ana historia ya kiharusi katika familia. Yote mawili ni kweli, na hakuna hata moja litakalomsaidia muuguzi wa mwezi ujao kuendeleza mazungumzo. Sentensi ya binti na kitanda itamsaidia. Ndiyo maana kauli ya mgonjwa huwekwa ndani ya alama za kunukuu, kwa Kiswahili chake, hata kama mengine yote kwenye ukurasa ni Kiingereza.

Swali la kujiamini linaulizwa kwa kupanda: nini kingekutoa kwenye nne kukufikisha sita au saba? Mama alijibu mara moja. “Kama ningemeza nikisharudi nyumbani, choo changu mwenyewe.” Muuguzi alikuwa na jambo la kueleza hapo, na akaliomba nafasi kwanza: “Kuna kitu nakijua kuhusu kidonge hicho. Naomba nikuambie?” Mama akashangaa kuombwa ruhusa na mtu aliyevaa sare. Akaelezwa kwamba dawa ile huvuta maji kwa nguvu zaidi katika saa chache za mwanzo, kisha hupungua. Akimeza jioni sana, choo kitamwamsha usiku. Baada ya kueleza, muuguzi hakutoa amri, alirudi kwenye swali: “Wewe unaionaje hiyo?” Mama akapiga hesabu. Kibanda hufungwa saa nane mchana, saa tisa yuko kwake, saa tatu usiku analala. Basi saa tisa alasiri. Muuguzi akaenda kumuuliza daktari kama kubadili saa hiyo kuna tatizo kwake, akarudi na ruhusa.

Uliza, eleza, uliza tena: hatua hizo tatu ndizo zinazotenganisha mazungumzo haya na hotuba, na pia na ukimya wa mhudumu anayeogopa kusema lolote. Ujuzi wa kitaalamu haufichwi. Unasubiri mgonjwa aufungulie mlango, na baada ya kuingia haukai kwenye kiti cha mwenye nyumba.

Kwenye chumvi namba zilikuwa kinyume. Umuhimu tano, kujiamini nane. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takribani kijiko kimoja cha chai, na humo imehesabiwa ile iliyomo tayari kwenye mkate na viungo vya pakiti. Mama alisikia akatikisa kichwa: mchuzi usio na chumvi hauuziki, mteja ataenda kibanda cha pili. Lakini mpishi ana nafasi ambayo mlaji hana, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiona. “Naweza kujipakulia changu kwanza, kabla sijatia chumvi ya mwisho na kile kiungo cha pakiti.” Akaongeza kwamba huonja kwa kiganja kila chungu mara nyingi kwa siku, na kwamba anaweza kumwachia msaidizi wake kuonja. Hakuna mwongozo wa lishe uliochapishwa ambao ungeshauri hivyo, kwa sababu hakuna mwandishi wa mwongozo aliyewahi kusimama pale.

Uzito ulipofika, uso wake ulibadilika. Umuhimu tatu, kujiamini mbili.

Nini kimekufanya useme tatu, usiseme sifuri? “Magoti. Kupanda daladala ni kazi.” Lakini alipotaja kinachomzuia, alisema mambo mawili ambayo hotuba nne za awali hazikuyagusa. La kwanza la biashara: “Nani ananunua chakula kwa mpishi aliyekonda?” La pili alilisema polepole. “Nikianza kupungua, mtaani watasema nimeathirika.” Watu wa umri wake walioishi miaka ambayo Ukimwi haukuwa na dawa wanakumbuka kukonda kulimaanisha nini machoni pa majirani. Kwake mwili mnene ni ushahidi wa uzima. Kumwambia apunguze kilo bila kujua hilo ni kumwambia abebe tetesi mgongoni.

Muuguzi hakumbishia, na hakuweka lengo la uzito. Kwenye kumbukumbu aliandika kwamba halikukubaliwa leo, kwa sababu zipi, na kwamba mgonjwa ameruhusu liulizwe tena. Wasimamizi wengine wa kliniki wangeona pengo hapo: mgonjwa mwenye kilo 94, na hakuna mpango wa uzito? Lakini lengo lililoandikwa bila ridhaa ya mgonjwa huwa linaishi kwenye karatasi tu, tena huyachafua yale mawili aliyoyakubali, kwa kuwa mwezi ujao ataona aibu ya yote matatu na pengine asije kabisa.

Kumbukumbu nzima, baada ya mazungumzo ya kama dakika kumi na mbili, ilisomeka hivi:

Presha 154/94, mkanda mkubwa, wastani wa vipimo viwili. Uzito kilo 94, urefu sm 158.

Amechagua kuanza na: dawa.

Dawa kila siku: umuhimu 6, kujiamini 4. “Sitaki binti yangu aje anigeuze mimi.” Kikwazo: choo cha kibandani asubuhi, Jumapili humeza. Kujiamini baada ya kupanga: 8.

Chumvi: umuhimu 5, kujiamini 8. Kikwazo: ladha ya wateja.

Uzito: umuhimu 3, kujiamini 2. Sababu yake: magoti. Hofu: biashara, na “watasema nimeathirika”. Hakuna lengo leo. Ameruhusu kuulizwa tena.

Makubaliano: (1) Vidonge vyote viwili saa tisa alasiri akifika nyumbani, kila siku, alama kwenye kalenda ya ukutani. Daktari ameridhia saa hiyo. (2) Anajipakulia kabla ya chumvi ya mwisho na kiungo cha pakiti, siku sita za kazi. Msaidizi ndiye anayeonja.

Kurudi: wiki 4, aje na vidonge vilivyobaki. Kuanzia kwa: kalenda.

Mistari michache humo inastahili kuangaliwa kwa karibu. Kujiamini kuliulizwa mara mbili, kabla na baada ya mpango, na namba ya pili ndiyo inayoupima mpango wenyewe. Wengi wanaofanya kazi hii huchukua saba kama kizingiti: mgonjwa akisema tano baada ya kupanga, kinachopunguzwa ni ukubwa wa lengo, si heshima ya mgonjwa. Kisha kila tabia ina mstari wake. Mtu mmoja anaweza kuwa tayari kabisa kumeza dawa, nusu nusu kwenye chumvi, na asitake hata kusikia habari za uzito. Ukiandika kwa ujumla kwamba “mgonjwa yuko hatua ya kutafakari” umewachanganya watu watatu kwenye jina moja. Na malengo yametajwa kwa saa, siku na kitendo kinachoonekana, kiasi kwamba mgonjwa na muuguzi wote wawili watajua bila kubishana kama limefanyika au la.

Makosa katika kumbukumbu za namna hii hutambulika kwa urahisi ukishajua pa kutazama. Alama ya kwanza ni kitenzi laini. “Atajitahidi kupunguza mafuta” si makubaliano. Kwa Kiswahili cha adabu, “nitajitahidi”, “nimesikia” na “inshallah” vinaweza kuwa ahadi ya kweli, na vinaweza kuwa mlango wa kutokea kwa heshima. Tofauti hujitokeza kwa swali dogo: siku ya kwanza utaanza lini, na utafanya nini hasa? Mwenye nia atataja Jumatatu na sufuria. Anayeaga kwa adabu atarudia “nitajitahidi tu, mwanangu”, na hapo muuguzi ajue kwamba amekimbia mbele ya mgonjwa wake.

Alama ya pili ni kumi za haraka. Mgonjwa anayesema kumi kwa kila kitu huenda anampa mhudumu zawadi, kama mgeni anavyosifu chakula kabla ya kukionja. Hakuna haja ya kumkatalia. Mhudumu anaweza kusema kwamba wengi hukwama siku za safari au msiba, kisha auulize: kwako, siku ipi ingekuwa ngumu zaidi? Jibu hilo ndilo linalofaa kuandikwa, pembeni ya ile kumi.

Alama ya tatu ni malengo yanayofanana kwenye mafaili yote. Kama wagonjwa ishirini wa siku moja wote “wamekubali” kutembea dakika 30 mara tano kwa wiki, aliyekubali ni mhudumu. Pendekezo lenyewe la dakika 150 za mwendo kwa wiki ni sahihi. Lakini mama anayesimama kwenye jiko tangu alfajiri angeshangaa kuambiwa akatembee, na angeitikia.

Njia hii ina mipaka yake. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti 11, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba waliofanyiwa mahojiano ya motisha walipungua karibu kilo moja na nusu zaidi ya wale wa kulinganishwa. Ni faida ya kweli, lakini ndogo. Kwa upande wa presha, makadirio ya kawaida ni kwamba kila kilo inayopungua hushusha takribani milimita moja ya ile namba ya juu, kwa hiyo kilo moja na nusu peke yake haitamfikisha mama huyu chini ya 140. Atakayemfikisha huko kwa sehemu kubwa ni dawa zinazomezwa. Hiyo ni sababu nyingine kwa nini kuanza na vidonge badala ya mizani hakukuwa kukwepa kazi. Na kuna siku ambazo mazungumzo haya hayana nafasi: mgonjwa akija na presha ya 180/120 au zaidi, pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kwenda upande au kuchanganyikiwa, haulizwi namba wala nia. Anakimbizwa kwenye huduma ya dharura.

Baada ya wiki nne mama alirudi, amefunga vidonge kwenye pindo la kanga. Alipewa vidonge 30 vya kila aina. Siku 28 zilikuwa zimepita, na vilibaki saba saba. Maana yake alimeza siku 23, akaruka tano. Muuguzi wa siku hiyo alikuwa mwingine, na hakuwa amemwona kabla. Alisoma mstari wa mwisho wa kumbukumbu, akaanza na kalenda.

“Siku 23. Ulifanyaje?”

Hakuuliza zile tano kwanza. Mama akaeleza zile 23, kisha zile tano akazitaja mwenyewe: msiba wa shemeji Morogoro. Vidonge aliviacha ukutani, penye kalenda. Aliporudi ndipo akaanza kuvifunga kwenye kanga, kwa hiyo dawa ya tatizo hilo alikuwa ameshaipata njiani. Chumvi aliishika siku nyingi, ingawa msaidizi anayeonja ana mkono mzito na mteja mmoja amelalamika. Presha, kwa mkanda mkubwa ule ule, ilikuwa 144/90. Uzito kilo 93.5, tofauti ambayo nguo na kifungua kinywa vinaweza kuieleza, na ndivyo ilivyoandikwa.

Muuguzi akakumbusha kwamba mara iliyopita aliruhusu uzito uulizwe tena. Anaruhusu bado? Mama akaguna, akasema uliza.

“Ukisikia ‘kupunguza uzito’, unaona kilo ngapi kichwani?”

“Thelathini. Niwe kama wale wa kwenye televisheni.”

Muuguzi akaomba kueleza jambo moja. Faida kwa presha na magoti huanza kuonekana hata mtu akipunguza sehemu tano katika mia ya uzito wake. Kwa kilo 94, hiyo haifiki hata kilo tano. “Ukitoka 94 ukafika 89, jirani atakuuliza nini?”

Mama alijitazama mikono, akacheka. “Ataniuliza gauni jipya nimeshonesha wapi.”

Kwenye faili, chini ya tarehe mpya, umuhimu wa uzito uliandikwa tano, kujiamini tatu. Pembeni kuna maneno yake: “Hizo tano hakuna atakayezijua.” Lengo bado halijawekwa. Alichokubali ni kuhesabu, kwa wiki moja, vikombe vya chai anavyokunywa akiwa jikoni na vijiko vya sukari anavyotia katika kila kimoja, bila kupunguza hata kimoja kwa sasa. Mstari wa mwisho unasema: kurudi wiki 4, kuanzia kwa vikombe.